Chini ya Wigi, Sentimita Mbili za Mbele

Furushi la nywele linalojaa kiganja ndilo humtia mtu hofu siku ya kufumua. Uzi umeshakatwa, wivingi imetoka, mistari imelegezwa, na chanuo kila likipita linarudi na nywele. Mteja anashika kichwa: “Dada, mbona zimeisha?” Msusi aliyezoea anamjibu kwa mkato, “Hazijaisha, mpenzi, hizo za mwezi na nusu,” na kuendelea kuchana. Mara nyingi msusi ana haki, na hesabu yake ni nyepesi.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele laki moja hivi. Kila siku kati ya 50 na 100 hufika mwisho wa umri wake na kung’oka zenyewe. Ukiwa na nywele wazi huzioni zikiondoka, kwa sababu nyingine zinatoka na chanuo, nyingine zinabaki kwenye mto, nyingine zinakwenda na maji bafuni. Zikiwa zimesukwa na kufunikwa, hazina pa kwenda. Zinaachia ngozi lakini zinabaki zimenasa ndani ya msuko. Wiki 6 ni siku 42. Zidisha kwa 50 unapata 2,100, zidisha kwa 100 unapata 4,200. Zote hizo zinatoka mchana mmoja, mbele ya macho yako.

Kwa hiyo ukubwa wa furushi peke yake haukuambii kitu. Tazama ncha. Chomoa nywele kama kumi kutoka kwenye furushi uziinue kwenye mwanga mmoja mmoja. Unywele uliomaliza muda wake ni mrefu kama wenzake, na mwisho wake mmoja una kijitone cheupe kidogo kuliko kichwa cha pini, ambacho ndicho kitako kilichokuwa ndani ya ngozi. Unywele uliokatika hauna kijitone. Ni kipande cha sentimita mbili au tatu, ncha zake butu au zimechanika. Ukikuta vijitone karibu kwenye zote, tulia. Ukikuta vipande vifupi ndivyo vingi, nywele zinakatika kweli, na sasa inabidi ujue zinakatikia wapi.

Kwa wanawake wengi zinakatikia mbele: ukingo wa paji la uso, panja zote mbili, na juu ya masikio. Ni ukanda usiozidi sentimita mbili kwa upana. Makala haya yatakaa hapo muda mrefu, kwa sababu sehemu nyingine za kichwa huvumilia uzembe mwingi wa msusi na wa mwenye kichwa. Ukanda huu hauvumilii. Nywele zake ni nyembamba, na kila jambo la wigi linaanzia au linaishia juu yake. Hapo ndipo mstari unapoanza kusukwa, ndipo gundi inapopakwa, ndipo lastiki ya wigi inapokaa, na ndipo nywele ndogo zinapolazwa kwa jeli na mswaki kila asubuhi.

Tufuate kazi moja tangu mwanzo. Mwanamke anakaa kwenye kiti Jumamosi asubuhi kusukwa mistari ya chini na kushonewa wivingi ya mabando matatu, na mbele awekewe lesi ili ionekane nywele zimeota paji lenyewe. Bando moja huwa na gramu 100 hivi. Matatu ni gramu 300, na lesi juu yake. Uzito huo wote umefungwa kwa uzi kwenye mistari, na mistari imefungwa kwenye vinyweleo. Zikilowa maji unaongezeka. Zikifungwa mkia mrefu juu ya utosi, karibu uzito wote unahamia kwenye panja na kisogo.

Kinyweleo kinachovutwa kila siku kwa wiki nyingi hukasirika. Kwanza ngozi inayokizunguka inavimba na kutoa vipele vidogo, pengine vyenye usaha mweupe, vimejipanga kufuata mstari. Watu huviita joto au uchafu na kuvipaka mafuta, ilhali mwanzoni vingi havina hata mdudu, ni mvuto tu. Usipolegezwa, unywele unaanza kutoka mwembamba zaidi kila unapoota upya. Baada ya miaka, kinyweleo kinajifunga na nafasi yake inachukuliwa na kovu. Hatua za mwanzo zinarudi nyuma kabisa mvuto ukiondoka. Hatua ya kovu hairudi, hata upake mafuta gani ya kuotesha.

Tatizo hili linaitwa na madaktari upara wa mvuto, na wala halikuanzia kwa wanawake wetu. Maelezo ya mwanzo yanayojulikana kwenye vitabu vya tiba ni ya mwaka 1907, na wagonjwa walikuwa wanawake wa Grinlandi waliokuwa wakifunga mikia ya kubana sana. Lakini utafiti uliotusaidia zaidi sisi ni wa Afrika Kusini. Daktari wa ngozi Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipima watu mjini Cape Town na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007 na 2008. Karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliowapima walikuwa na upara wa mvuto. Jambo la pili walilolikuta lina faida kubwa zaidi kwa anayekwenda saluni: hatari hupanda pale mtu anaposuka au kushonea juu ya nywele zilizowekwa dawa, kuliko anapofanya hivyo kwenye nywele za asili. Na waliosema kusuka kuliwauma ndio waliokuwa na hatari kubwa.

Maumivu, basi, ndicho kipimo, na kinapatikana ukiwa bado kwenye kiti. Msuko ukikamilika, inua nyusi, fumba macho, tabasamu kwa nguvu, geuza shingo. Kama ngozi ya paji inavutika, kama unaona vilima vidogo kwenye shina la kila mstari, kama unawaza panadol ya usiku, mistari imebana. Mila ya saluni inasema italegea siku ya tatu. Ni kweli maumivu hupungua, lakini hadi yapungue kinyweleo kimeshavutwa siku tatu usiku na mchana. Sema hapo hapo: “Dada, naomba hii ya mbele uifumue uirudie.” Mistari miwili ya mbele kufumuliwa na kusukwa upya ni kazi ya dakika kumi, na sioni sababu ya kumwonea msusi haya kuliko kuionea huruma panja yako.

Msusi anayejua kazi hafanyi mambo mawili. Haanzishi mstari kwenye unywele wa kwanza kabisa wa ukingo. Anaacha upana wa kidole bila kuusuka, au anausuka kwa mkono mwepesi bila kuongeza rasta. Na hashoni wivingi kwenye ukingo huo; uzi wa mbele anaupitisha kwenye msuko wa nyuma yake. Pia mistari yake ni minene kiasi. Mistari myembamba inalala vizuri chini ya lesi, ni kweli, lakini kila mmoja unabeba uzito kwa nywele chache.

Sasa kazi imekwisha, wigi limependeza, na wiki ya kwanza inapita. Ngozi ya kichwa haijui kwamba imefunikwa. Inaendelea kutoa mafuta, jasho na ngozi iliyokufa kama kawaida. Mafuta hayo ni chakula cha fangasi wadogo waitwao malasezia, ambao wanaishi kwenye kichwa cha kila mtu mzima, msafi na mchafu. Wakipata mafuta mengi na unyevu wanaongezeka, na kwa baadhi ya watu ngozi inakasirikia kile wanachokiacha. Ndipo linapokuja lile washo la wiki ya pili, mtu anajipiga kichwani kwa kiganja ndani ya daladala kwa sababu kucha haifiki. Hiyo ndiyo mba.

Dawa ya kienyeji ya washo hilo ni kupenyeza mafuta ya nazi au ya mzaituni katikati ya mistari. Kwa ngozi iliyo kavu tu, isiyo na mba, hakuna ubaya. Kwa mba ni kuwaongezea malasezia chakula. Washo linatulia saa chache, kwa sababu magamba yamelowa na kulala, kisha linarudi na nguvu zaidi, na sasa magamba yameshikana na mafuta na vumbi kuwa utando wa kijivu kwenye shina la nywele. Msusi anayefumua anauona utando huo mara moja. Unakwanguka kwa ncha ya kitana kama nta.

Wivingi inaoshwa ikiwa kichwani. Linawashangaza wengi, maana walishaambiwa maji yanaharibu. Osha kila baada ya siku 7 hadi 14, na kama unafanya mazoezi au unavaa kofia ya pikipiki kila siku, kaa upande wa 7. Tafuta chupa yenye mdomo mwembamba, zile za kupakia dawa saluni zinafaa. Weka vijiko viwili vya chakula vya shampuu ndani ya nusu lita ya maji ya vuguvugu, utikise. Shampuu nzito isiyochanganywa na maji haifiki kwenye ngozi, na ikifika haitoki. Gawa wivingi safu kwa safu, ingiza mdomo wa chupa katikati ya mistari, mimina kidogo, kisha sugua ngozi kwa ncha za vidole ukienda na kurudi taratibu. Kucha hazihusiki hapa. Suuza kwa maji mengi, kichwa kikiwa kimeinama nyuma, maji yakifuata nywele kwenda chini. Maji yanayotoka yakiwa bado yanateleza vidoleni, shampuu ipo. Rudia kusuuza. Povu lililobaki chini ya mistari linawasha kuliko uchafu wenyewe.

Kama mba imeshaanza, maduka ya dawa yanauza shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Inapakwa kwenye ngozi, inaachwa dakika 5, kisha inasuuzwa. Watu wanaikosea kwa kuipaka na kuisuuza papo hapo kama shampuu ya kawaida, halafu wanasema haifanyi kazi. Inakausha nywele, kwa hiyo fuatisha kondishina kwenye urefu wa nywele tu, mbali na ngozi.

Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo ndiyo wengi wanaikatisha, ni kukausha. Nje ya wivingi hukauka kwa saa moja mbele ya feni, unagusa unasema tayari. Chini yake kuna mistari iliyosukwa kwa kushindiliwa, pengine imeongezewa rasta, na juu ya mistari kuna utepe wa wivingi ulioshonwa mara mbili. Katika jiji lenye unyevu kama Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, mistari hiyo inaweza kubaki mbichi hadi kesho yake. Ukilala nayo, au ukafunga mtandio juu yake ukaenda kazini, umeitengenezea fangasi na bakteria makao yenye joto na maji. Harufu ya kuvunda inayotoka kwenye wigi siku ya tatu baada ya kuosha inatokana na maji yaliyobaki, na kuipulizia pafyumu ni kuongeza maji mengine.

Kamua kwa taulo kwa kubonyeza bila kusugua. Kisha kaa chini ya draya ya kukalia, joto la wastani, kama saa moja. Ukitumia ya mkono, inua wivingi safu kwa safu na elekeza upepo kwenye mistari. Halafu pima: ingiza kidole katikati ya mistari ya kisogoni, ambako hukauka mwisho, ukibonyeze kwa nusu dakika. Ngozi ya kidole ikitoka na ubaridi, rudi kwenye draya. Kwa sababu hiyohiyo ningependekeza kuosha asubuhi ya siku ya mapumziko. Kuosha usiku saa tatu umeme ukiwa wa kubahatisha ni kamari.

Tuje kwenye lesi ya mbele. Kinachoipendezesha ni kwamba kitambaa chake ni chembamba kiasi cha kupotea juu ya ngozi, na ili kipotee lazima kishikwe. Kuna njia ya gundi na njia isiyo na gundi. Mwenye panja zilizoanza kupungua achague isiyo na gundi bila kujiuliza mara mbili, japo nayo ina kasoro zake nitakazozieleza.

Gundi za lesi zipo za aina nyingi. Zile za maji huwa nyeupe zikiwa mbichi na hukauka zikawa hazina rangi. Ni laini zaidi kwa ngozi na hutoka kirahisi, lakini jasho linazilegeza ndani ya siku chache. Zile za kushika wiki mbili ni kali zaidi, na kutoka kwake ni vita. Halafu ipo gundi nyeusi ya kubandikia wivingi moja kwa moja kwenye nywele, ambayo nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira. Mtu ambaye glovu za mpira au mapulizo humwasha au humvimbisha midomo asiiguse kabisa. Mzio wa mpira unaweza kubana pumzi.

Gundi yoyote mpya ijaribiwe kabla. Paka tone nyuma ya sikio au kwenye kunjo la ndani la kiwiko, uliache saa 48. Saa mbili hazitoshi, kwa sababu mzio wa ngozi huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza. Hapo ndipo wengi wanapotatanika: mtu anabandika lesi Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, harusi inapita salama, Jumapili jioni paji linawaka na kope zimevimba, naye analaumu chakula cha shughulini. Kuchoma papo hapo gundi inapogusa ngozi ni ukali wa gundi yenyewe. Kuwasha, kuvimba na malengelenge yanayokuja kesho au keshokutwa ni mzio, na ukishakuja utarudi kila mara utakapoitumia gundi hiyo, pengine kwa nguvu zaidi.

Wanawake wa pwani wana swali moja la ziada la kujiuliza. Kama piko ya maharusi iliwahi kukutoa malengelenge mkononi, mwili wako huenda umeshaikataa kemikali inayotia weusi ule, parafenilinidiamini. Kemikali hiyo hiyo imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Wigi jeusi lililotiwa rangi na kutosuuzwa vizuri linaweza kukuamshia mzio uleule kichwani. Losha wigi jipya mpaka maji yatoke meupe kabla halijagusa ngozi yako, na rangi nyeusi ya kupaka kwenye nywele zako usiikaribie.

Kwenye kubandika, sheria ni moja: gundi inakaa kwenye ngozi tupu ya paji, mbele ya nywele. Saluni nyingi huisogeza nyuma, juu ya zile nywele ndogo za ukingo, ili lesi isishuke sana usoni. Hapo ndipo panja zinapokwenda. Laza nywele zako zote nyuma ndani ya soksi ya wigi, safisha mafuta ya paji, paka utepe mwembamba, uache ukauke mpaka unate bila kuteleza, ndipo ulaze lesi.

Kutoa ndiko kunakong’oa. Lesi haivutwi hata ikiwa imeshaanza kuinuka yenyewe upande mmoja. Lowanisha ukingo wote kwa dawa ya kutolea gundi, au kwa gundi za maji, mafuta na kondishina. Spiriti ya dukani hufanya kazi pia, ila inakausha ngozi, inachoma jicho, na inashika moto haraka, kwa hiyo pasi ya nywele iwe imezimwa. Subiri dakika 5 hadi 10. Anza upande wa sikio, inua kidogo, ongeza dawa pale inaponata, inua tena. Ukisikia ngozi inavutwa, simama usubiri. Gundi iliyobaki kwenye paji ioshwe kwa sabuni laini, isikwanguliwe kwa kucha. Mwenye haraka hana budi kuchagua wigi lisilo na gundi.

Kuhusu hilo lisilo na gundi: linashikwa na lastiki inayozunguka nyuma, na mara nyingi na vitana vidogo vilivyoshonwa kwa ndani. Vitana hivyo vikichomekwa mahali palepale kila asubuhi vinakwangua na kuvuta nywele za panja zilezile. Ukivikata na kutegemea lastiki pamoja na utepe wa mahameli chini yake, wigi halitokimbia. Lastiki nayo iwe ya kushika bila kuacha alama. Mfereji unaobaki kwenye paji baada ya kuvua maana yake imebana. Na faida yote ya wigi la namna hii ni kwamba linavuliwa. Anayelala nalo ameitupa faida hiyo. Soksi ya ndani ifuliwe kila baada ya kuvaliwa mara mbili au tatu kama nguo nyingine ya ndani. Wigi lenyewe liogeshwe baada ya kuvaliwa mara kumi hivi, kwa maji ya vuguvugu, kuelekea chini, bila kusugwasugwa, kisha litundikwe kwenye kichwa cha maonyesho mpaka kitambaa cha ndani kikauke.

Sasa wiki ya 6 imefika. Nywele zimeota sentimita moja na nusu hivi, mistari imeinuka kutoka kwenye ngozi, na zile gramu 300 sasa zinaning’inia na kuyumba. Unaweza kusogea hadi wiki ya 8 kama hakuna maumivu wala harufu. Kupita hapo, nywele zilizong’oka ndani ya msuko zinaanza kujifunga na zile zilizo hai, na kufumua kunageuka kazi ya mkasi.

Mpangilio wa siku hiyo una uzito kuliko mafuta yoyote utakayonunua. Kata uzi kuanzia kisogoni, kwenye mwanga mzuri, ukiwa na uhakika kwamba ulichoshika ni uzi. Fumua mistari kwa vidole au mkia wa kitana. Kisha, na hapa ndipo palipo mkosi wa watu wengi, usikimbilie maji. Zile nywele 2,100 au 4,200 zilizokufa bado zimo kichwani. Zikilowa kabla ya kuchanwa zinajisokota na nywele zako na kukaza kama zulia, na kila kitakachofuata kitakuwa kukata. Gawa kichwa mafungu manane, paka kondishina au mafuta kidogo, chambua kwa vidole, halafu chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia ncha ukipanda kuelekea shina. Furushi likishatoka ndipo uende kwenye sinki. Osha mara mbili kwa shampuu, weka kondishina, kausha, na uiache ngozi ipumzike wiki moja au mbili kabla ya kushonea tena. Dawa ya kulainisha isiwekwe wiki hiyo. Ngozi iliyotoka kukunwa na kuchanwa ina mikwaruzo usiyoiona, na dawa itakuchoma kila penye mkwaruzo.

Kichwa kikiwa wazi, simama kwenye kioo, rudisha nywele nyuma, utazame panja. Mvuto una alama yake. Nyuma ya ukingo kunakuwa na ukanda mtupu au mwembamba, huku mbele yake kukibaki mstari wa nywele fupi laini, malaika, pale ukingo ulipokuwa zamani. Zile fupi zilinusurika kwa sababu hazikufika kushikwa na msuko. Ngozi ya ukanda mtupu ikiwa bado na vitundu vya vinyweleo, zipo nafasi. Acha kusuka mbele, acha gundi na jeli ya kubana, subiri miezi, siyo wiki. Ngozi ikiwa imelainika na kung’aa bila kitundu hata kimoja, kovu limeshaingia.

Upara unaoanzia utosini na kutanuka kama duara ni ugonjwa mwingine, hata kama unavaa wigi. Huo unaacha kovu mapema, una sehemu ya kurithi, na haufai kusubiriwa wala kufunikwa. Vivyo hivyo vidonda vinavyotoa usaha, homa, au tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi ana mapunye mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, siyo ya kupaka peke yake. Vitana na kofia zake zisizunguke nyumba nzima. Madaktari wa ngozi si wengi katika nchi zetu, lakini wapo kwenye hospitali za rufaa, na Moshi, ndani ya KCMC, kipo kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi wanaosambaa mikoani na nchi jirani. Ukienda, nenda na kichwa kilichofumuliwa na kuoshwa, bila jeli wala poda ya kuficha upungufu. Daktari atahitaji kuiona ngozi, na kama umepiga picha za panja zako kila ulipofumua, mpelekee pia hizo.